Rangi ya Kanga Chini ya Turubai

Makosa ya rangi katika biashara ya kanga hutokea kivulini zaidi kuliko gizani. Gizani kila mtu anajua kwamba haoni, kwa hiyo muuzaji huwasha taa au humwambia mteja arudi kesho. Chini ya turubai, mchana kweupe, mwanga unaonekana wa kutosha. Maandishi ya kanga yanasomeka, noti zinahesabika, sura ya mteja inaonekana vizuri. Macho hayatoi onyo lolote, na muuzaji mwenye miaka mingi kwenye kazi anaweza kuapa kwamba vitambaa viwili vina rangi moja kumbe havina. Haapi kwa ulaghai. Kwa jinsi anavyoviona pale alipo, ni rangi moja kweli.

Mambo mawili ya kanga huzidisha hatari hii. La kwanza ni kwamba kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyochapwa mfululizo bila kukatwa, kila kimoja kikiwa na upana wa kama mita moja na nusu na kimo cha kama mita moja na kidogo. Doti ikishakatwa na kupindwa, muuzaji hawezi tena kuiuza kama mali mpya. La pili ni sare. Mteja wa kanga mara nyingi hatafuti rangi nzuri tu, anatafuta rangi ileile waliyovaa wenzake, kwa ajili ya harusi, maulidi au msiba. Mtu anayenunua doti moja ya kujifunga nyumbani hatajali kama zambarau yake imeelekea kidogo kwenye wekundu. Mtu anayewavalisha wanawake kumi na wanne watakaosimama mstari mmoja atajali sana.

Chukua kisa kimoja kilichotungwa kwa ajili ya maelezo haya, ambacho wauzaji wa Kariakoo, Dar es Salaam, hawatashangaa kukisikia. Muuzaji ana kibanda cha meza na nguzo nne, kimeezekwa turubai la bluu. Kanga zimetundikwa pande tatu, na upande wa nne, unaotazama njia, umekingwa na pazia la turubai hilohilo ili jua la asubuhi lisichujushe bidhaa. Saa nne asubuhi anafika mama mmoja, shangazi wa bibi harusi, akiwa na kanga ya zambarau mkononi. Mwezi uliopita alinunua doti tano kwingine, sasa waalikwa wameongezeka na anahitaji doti tisa zaidi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nataka doti tisa za hii.”

Muuzaji anaikunjua kanga, anasoma jina lake, anatazama pindo na mji, anakagua maandishi madogo ya kiwanda yaliyo pembezoni pamoja na namba ya mchoro. Anayo. Anashusha bunda, anaweka doti yake juu ya kanga ya mteja. Namba ni ileile, jina ni lilelile, na rangi, kwa macho yake, ni ileile. Mama anasita kidogo.

“Mbona hata yangu naiona imekuwa nyeusi hivi?”

“Ni kivuli tu, mama. Ukitoka nje itarudi.”

Jibu hilo ni sahihi kabisa, na ndilo lililomponza. Kanga ya mama iliporudi juani ilirudi kwenye rangi yake, zambarau iliyoelekea damu ya mzee. Zile doti tisa nazo zilirudi kwenye rangi yao, zambarau iliyoelekea nili. Muuzaji alijua kwamba turubai hubadili rangi ya kitambaa. Hakujua kwamba turubai linaweza kuvibadili vitambaa viwili tofauti hadi vikafanana.

Shangazi hakugundua siku hiyo, kwa sababu alizipeleka kanga moja kwa moja kwa fundi, na fundi alishonea ndani, karibu na taa. Doti nne zilikuwa zimeshakatwa na kupindwa zilipoanikwa uani pamoja na zile tano za mwanzo, na hapo hata watoto waliona. Aliporudi sokoni kwa hasira, muuzaji alizitandika tena kwenye meza yake, akazitazama, akaziona sawa. Alidhani mama anatafuta sababu ya kurudisha mali. Wakabishana, kila mmoja akiwa mkweli, hadi jirani mmoja alipochukua kanga mbili na kutoka nazo barabarani.

Ili kuelewa kilichotokea, inabidi kuanza na mwanga wenyewe. Katika miaka ya 1660 Isaac Newton alipitisha mwali wa jua kwenye mche wa kioo na kuonyesha kwamba mwanga unaoonekana mweupe umebeba rangi zote za upinde wa mvua. Kitambaa hakitengenezi rangi, kinachagua. Dawa ya rangi iliyo kwenye pamba humeza sehemu fulani ya mwanga na kurudisha sehemu nyingine, na hiyo inayorudi ndiyo inayofika jichoni. Kanga ya zambarau humeza sehemu kubwa ya kijani na manjano, ikarudisha bluu pamoja na kiasi cha nyekundu. Zambarau moja hutofautiana na nyingine hasa kwa kiasi hicho cha nyekundu.

Turubai nalo ni kichujio. Turubai la bluu ni la bluu kwa sababu linapitisha na kusambaza bluu, huku likizuia sehemu kubwa ya nyekundu. Kibandani kwa hiyo hakuna mwanga mweupe uliopungua, kuna mwanga wa aina nyingine. Kitambaa hakiwezi kurudisha kisichopewa. Ikiwa nyekundu haifiki mezani, kanga yenye uwezo wa kurudisha nyekundu nyingi na kanga yenye uwezo wa kurudisha kidogo zote zinabaki karibu mikono mitupu.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa jambo hili. Namba zifuatazo ni za mfano tu, zimechaguliwa ziwe rahisi kufuatilia. Tuseme juani kila kitambaa hupokea sehemu 100 za nyekundu, 100 za kijani na 100 za bluu. Kanga ya mama hurudisha 30 za nyekundu, 6 za kijani na 30 za bluu. Kanga ya muuzaji hurudisha 18 za nyekundu, 6 za kijani na 30 za bluu. Tofauti yao yote iko kwenye nyekundu. Sasa tuseme turubai linapitisha 5 tu za nyekundu, 40 za kijani na 70 za bluu. Chini yake kanga ya mama itarudisha sehemu moja na nusu ya nyekundu, na ya muuzaji haifiki hata sehemu moja. Kijani kinachorudi kwa kila moja ni sehemu 2.4, na bluu ni 21, sawasawa kwa zote mbili.

Msomaji makini atapinga: hata hapo nyekundu ya kanga moja bado inaizidi ya nyingine kwa uwiano uleule wa tano kwa tatu, kwa nini jicho lisiione? Jibu liko kwenye muundo wa jicho. Nyuma ya jicho kuna aina tatu za seli zinazotambua rangi. Kila aina hupokea eneo pana la mwanga, na maeneo hayo yanaingiliana. Ile aina ambayo kwa mazoea huitwa ya nyekundu haisisimki zaidi na nyekundu. Kilele chake kiko kwenye manjano yenye ukijani, karibu na urefu wa mawimbi wa nanomita 560, na inapokea kijani pia kwa nguvu. Haiwezi kutenganisha. Hujumlisha chochote kilichoifikia na kupeleka jibu moja kwenye ubongo.

Kwa kurahisisha, tuseme seli hii inahesabu nyekundu na kijani kwa uzito sawa. Juani, kanga ya mama inaipa 36 na ya muuzaji 24, yaani ya kwanza inaizidi ya pili kwa nusu nzima. Chini ya turubai, ya mama inaipa 3.9 na ya muuzaji 3.3, tofauti isiyofika moja ya tano. Kijani kidogo ambacho kanga zote mbili zinakirudisha kwa kiwango sawa kimefunika tofauti ya nyekundu. Ongeza mikunjo ya kitambaa, kivuli cha mkono na mwanga usio sawa kutoka ncha moja ya meza hadi nyingine, na tofauti iliyobaki inapotea.

Kwa sababu hiyo, rangi ya turubai ndiyo inayoamua ni makosa gani yatafanyika chini yake. Turubai la bluu huficha tofauti za nyekundu: zambarau mbili, waridi mbili, hudhurungi mbili. Mwavuli mkubwa mwekundu wa matangazo hufanya kinyume, huficha tofauti za bluu na kijani, na samawati mbili zisizofanana zinaweza kupita chini yake kama mapacha. Wavu wa kijani huwachanganya wanunuzi wa nyekundu na zambarau. Mabati hayachuji rangi, kosa lake ni giza. Hata hivyo kibanda cha mabati nacho kina rangi yake, kwa sababu mwanga unaoingia mlangoni hugonga kwanza kanga zilizotundikwa kabla ya kufika mezani. Muuzaji aliyepanga kanga nyekundu zote pembeni mwa mlango amejipakia nyekundu dukani bila kujua.

Kuna njia nyingine ambayo vitambaa viwili hufanana mahali pamoja na kuachana pengine, nayo inatokea kiwandani. Kanga huchapwa kwa awamu, na kwa kila awamu dawa za rangi huchanganywa upya. Zambarau inaweza kupatikana kwa dawa moja ya zambarau, au kwa kuchanganya nyekundu na bluu. Macho yakiziona chini ya mwanga ambao mchanganyaji aliutumia, zinalingana. Lakini zinaurudisha mwanga kwa namna mbili tofauti, na mwanga ukibadilika, ulinganifu unavunjika. Hii ndiyo sababu namba ya mchoro kwenye ukingo wa kanga haitoshi kuwa ushahidi. Namba inathibitisha mchoro. Haisemi kama doti mbili zimetoka kwenye pipa moja la rangi.

Viwanda vinavyojali jambo hili hulinganisha vitambaa ndani ya sanduku lenye taa maalumu. Taa ya kwanza huiga mwanga wa mchana kwa kipimo kinachoitwa D65, kilichowekwa na tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, na nyingine huiga balbu ya nyumbani au taa za dukani. Kitambaa kikilingana chini ya taa moja na kukataa chini ya nyingine, kinarudishwa kwa mchanganyaji. Muuzaji wa kibandani hana sanduku hilo, ila kanuni yake anaweza kuitumia bure: rangi mbili zisihukumiwe kwa mwanga mmoja tu.

Swali linalobaki ni kwa nini muuzaji hakushtuka. Mama, aliyetoka juani dakika hiyohiyo, aliona mara moja kwamba kanga yake imebadilika. Muuzaji, aliyekaa hapo tangu alfajiri, hakuona lolote geni. Ubongo una tabia ya kuuzoea mwanga uliopo na kuuondoa kwenye hesabu, ili karatasi nyeupe ionekane nyeupe juani, kivulini na chini ya balbu ya manjano. Mazoea hayo hujengeka kwa haraka, na sehemu yake kubwa hukamilika ndani ya dakika moja au mbili. Kwa maisha ya kawaida ni neema, kwani bila hayo embe bivu lingeonekana tunda jingine kila wingu linapopita. Kwa muuzaji wa kanga ni mtego, kwa sababu yanamwondolea ishara kwamba mwanga wake una kasoro. Na kuna mpaka ambao ubongo hauwezi kuuvuka. Unaweza kukisia kwamba mwanga umeelekea bluu na kurekebisha. Hauwezi kurudisha habari ya nyekundu ambayo haikufika jichoni tangu mwanzo.

Makisio hayo ya ubongo hutofautiana baina ya watu kuliko inavyodhaniwa. Mwezi Februari 2015 picha ya gauni moja, lililopigwa picha kwa ajili ya harusi huko Uskochi, ilizunguka dunia nzima. Kundi moja liliapa kwamba gauni ni jeupe lenye dhahabu, jingine likaapa kwamba ni la bluu lenye weusi. Gauni halisi lilikuwa la bluu na nyeusi. Watafiti wa macho walioishughulikia picha hiyo waliegemea maelezo haya: waliodhani gauni limesimama kivulini waliondoa bluu kwenye hesabu na kuona nyeupe, na waliodhani limemulikwa na taa ya manjano waliondoa manjano na kuona bluu. Ugomvi wa muuzaji na shangazi haukuwa huohuo, kwa kuwa wao walikuwa na vitambaa halisi na mahali pa kutoka nje, lakini mzizi wa ubishi ulikaribiana. Kila mmoja aliamini macho yake, na kila mmoja alikuwa amezoea mwanga wake.

Rangi za jirani nazo huvuruga. Michel Eugène Chevreul, mkemia wa Kifaransa aliyekuwa msimamizi wa upakaji rangi katika karakana ya mazulia ya Gobelins mjini Paris tangu 1824, alipokea malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za karakana hazina weusi wa kutosha. Alizipima nyuzi hizo na kuona hazina kasoro. Kasoro ilikuwa katika rangi zilizosukwa kando yake, ambazo zilizifanya zionekane zimefifia. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1839, na yanafaa kibandani kama yalivyofaa kwenye zulia. Kanga ya kijivu iliyolazwa juu ya nyekundu huonekana imeingia ukijani. Kanga ya chungwa iliyotundikwa kati ya mbili za bluu huwaka kuliko ilivyo, na mteja akifika nayo nyumbani hulalamika kwamba imepoa. Mwenye kibanda anayetaka kulinganisha rangi mbili mezani hana budi kuondoa kwanza rundo la rangi nyingine.

Weupe una tatizo la peke yake, na kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, hulionyesha wazi. Pamba nyeupe ya viwandani mara nyingi hutiwa dawa ya kung'arisha. Dawa hiyo hupokea mionzi ya jua isiyoonekana, iliyo ng'ambo ya zambarau, na kuitoa tena kama mwanga wa bluu unaoonekana, ndiyo maana kitambaa kipya juani huonekana cheupe kupindukia. Turubai likizuia mionzi hiyo, mng'ao huo hautokei. Taa nyingi za LED pia hazina mionzi hiyo. Kisutu kipya chenye dawa na kisutu kisicho na dawa vinaweza kulingana kibandani, halafu ukumbini penye madirisha makubwa kimoja kikaonekana kimefuliwa na kingine kimekaa kabatini mwaka mzima.

Jioni huleta kosa jingine. Mwanga unapopungua sana, jicho hupoteza nguvu upande wa nyekundu mapema kuliko upande wa bluu. Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, alilieleza jambo hilo mwanzoni mwa karne ya 19 baada ya kutazama maua mekundu yakiingia weusi magharibi huku majani yakibaki angavu. Anayechagua kanga nyekundu saa kumi na mbili na nusu jioni, taa zikiwa bado hazijawashwa, ataichukua iliyo kali zaidi kwa kuwa zilizo sawa zinaonekana zimefifia, na kesho yake ataiona inapiga kelele.

Simu haisaidii kama wengi wanavyotumaini. Kamera hukisia mwanga na kurekebisha weupe wenyewe, na hurekebisha upya picha inapojaa kanga nyekundu au bluu kwa sababu inadhani rangi hiyo imetoka kwenye taa. Picha mbili za doti moja, zilizopigwa hatua tatu kutoka mahali pamoja, zinaweza kuonyesha rangi mbili. Mteja aliye mbali akiagiza kwa picha aombe vitambaa vyote viwili katika picha moja, kimoja kikigusana na kingine, karatasi nyeupe kando yake. Picha ya namna hiyo haionyeshi rangi halisi, ila huonyesha kama kuna tofauti.

Kutambua kosa kabla ya kukata doti si kazi ngumu. Kanga mbili hulazwa ukingo kwa ukingo juu ya kitu kisicho na rangi, zikiwa tambarare na zikitazama upande mmoja, kwa sababu mkunjo hubadili rangi na pengo la upana wa kiganja linatosha kulidanganya jicho. Kisha hutolewa nje kabisa, hatua kadhaa kutoka kwenye turubai na mbali na ukuta uliopakwa rangi. Muda mzuri ni kati ya saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, kabla jua halijashuka na kuanza kuingiza wekundu wake. Jua kali la utosini nalo huumiza macho, hivyo kivuli cha wazi, yaani kile cha jengo kinachotazama anga pana, hufaa zaidi. Kivuli hicho kina ubluu kidogo wa anga, lakini hakikosi sehemu yoyote ya mwanga. Dar es Salaam jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi takribani wiki ya pili ya Oktoba, kwa hiyo miezi hiyo kivuli cha namna hii kiko kusini mwa majengo, na miezi iliyobaki huhamia kaskazini. Baada ya kutoka, macho yapewe dakika mbili ya kuuzoea mwanga mpya kabla ya kutoa hukumu. Mwisho vitambaa vitazamwe tena chini ya taa ya ndani, hasa kama shughuli itakuwa ya usiku.

Wauzaji wengine huweka karatasi nyeupe mezani ili kupima mwanga wa kibanda. Ni desturi nzuri: karatasi hiyo ikitolewa na kulinganishwa na nyingine iliyo juani, mtu ataona papo hapo kibanda chake kimeelekea rangi gani. Isichukuliwe kuwa dawa, maana haiongezi nyekundu iliyokosekana. Dawa ni kubadili paa. Turubai jeupe au la kijivu hupunguza mwanga bila kuupendelea, na mwenye turubai la bluu asiyetaka kulitupa anaweza kufungua pazia la upande wa njia wakati wa kulinganisha, ili mwanga wa anga ufike mezani moja kwa moja.

Yule muuzaji wa kisa chetu alifanya yote mawili. Alizipokea doti tano ambazo hazijakatwa. Kwa zile nne zilizokatwa walikubaliana wagawane hasara, naye akazitundika mbele kama vipande vya bei nafuu. Shangazi hakupata kokote doti zenye wekundu wa zile tano. Aliishia kuwapanga waliovaa zambarau ya nili upande wa bwana harusi na waliobaki upande wa bibi harusi, na wageni wakadhani ndivyo ilivyokusudiwa.

Maduka na vibanda vingi vya kanga vina kibao kisemacho mali ikiuzwa hairudishwi. Kwa doti iliyokatwa, kibao hicho ni cha haki. Pale ambapo mteja hakuruhusiwa kutoka na kitambaa juani kabla ya kulipa, si cha haki hata kidogo. Anayenunua sare aombe kutoka nacho kabla hajafungua pochi, na muuzaji mwenye busara asingoje kuombwa.